Mandera ilipohesabiwa watu milioni moja: kisa cha sensa ya Kenya ya 2009

Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2009, Kenya ilianza kuhesabu watu wake. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Agosti 2010, aliyekuwa Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alitangaza kwamba waliohesabiwa walikuwa watu 38,610,097. Katika tangazo hilohilo akasema matokeo ya wilaya nane hayakubaliki na yamefutwa. Wilaya hizo zilikuwa Mandera Mashariki, Mandera ya Kati, Mandera Magharibi, Wajir Mashariki, Lagdera, Turkana Kaskazini, Turkana ya Kati na Turkana Kusini. Zote ziko kaskazini mwa nchi, kwenye ukame na ufugaji wa kuhamahama.

Sababu alizotoa zilikuwa tatu. Watu walikuwa wameongezeka kwa kasi isiyolingana na vizazi na vifo vya huko, ukubwa wa kaya ulikuwa umepanda kupita kiasi, na mpangilio wa umri na jinsia haukuwa wa kawaida. Sababu hizi zilipita harakaharaka katika taarifa za habari, kisha siasa ikachukua nafasi yake. Nataka kuzirudia taratibu, kwa sababu ndani yake kuna namna nzima ambavyo mtaalamu wa takwimu anatambua kwamba hesabu fulani ina walakini bila kurudi nyanjani hata siku moja.

Nianze na Mandera yenyewe, wilaya zake tatu kwa pamoja. Sensa ya Agosti 1999 ilikuta huko watu 250,372. Ile ya 2009 ikakuta 1,025,756. Kati ya sensa mbili, idadi ya watu wa mahali popote hubadilika kwa njia nne tu: kuzaliwa, kufa, kuhamia na kuhama. Tuanze na mbili za kwanza. Hata pale ambapo wanawake wanazaa sana, vizazi kwa mwaka huwa kama 50 kwa kila watu 1,000. Ukitoa vifo 10, ambavyo ni makadirio ya ukarimu kwa eneo lenye hospitali chache na ukame wa mara kwa mara, unabaki na ongezeko la watu 40 kwa kila 1,000, yaani asilimia 4 kwa mwaka. Ukiikuza Mandera ya 1999 kwa asilimia 4 kila mwaka kwa miaka kumi, unafika watu 370,000 hivi. Nchi nzima katika miaka hiyo ilikua kwa takriban asilimia 3 kwa mwaka. Mandera, kwa takwimu zilizoletwa, ilikua kwa zaidi ya asilimia 14.

Kwa hiyo kuna watu kama 655,000 ambao uzazi hauwezi kuwaeleza. Labda walihamia. Basi ingebidi wahamiaji 180 waingie na kubaki kila siku, mfululizo, kwa miaka kumi. Wimbi la namna hiyo halijifichi kwenye sensa, kwa kuwa dodoso linamuuliza kila mtu alizaliwa wapi na aliishi wapi kabla ya hapo. Kama walitoka ng'ambo ya mpaka, majibu yangeonyesha mamia ya maelfu waliozaliwa nje ya Kenya. Kama walitoka wilaya jirani, hizo jirani zingepungua. Hazikupungua. Wajir na Garissa nazo zilipanda sana, na mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki ukatoka watu 962,143 mwaka 1999 hadi 2,310,757 mwaka 2009.

Hapa inafaa kusema kidogo sensa inahesabu nini hasa, maana wengi hudhani ni vichwa tu. Kanuni ya Kenya ni kumhesabu mtu mahali alipolala usiku wa sensa, awe raia au mgeni, awe nyumbani, hospitalini, gerezani, safarini au kando ya barabara. Karani anaandika uhusiano wa kila mmoja na mkuu wa kaya, jinsia, umri, mahali alipozaliwa, elimu, kazi na ulemavu. Wanawake kuanzia miaka 12 wanaulizwa wamezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, na wa mwisho alizaliwa lini. Halafu yanakuja maswali ya nyumba: paa, sakafu, ukuta, maji yanatoka wapi, choo cha aina gani, wanapikia nini. Mwaka 2009 hata mifugo iliulizwa. Maswali haya yana kazi ya pili ambayo karani mwenyewe huenda haijui. Yanashuhudiana. Mtu anayetaka kuongeza watu wasiokuwepo anapaswa kutunga maisha mazima ya kila mmoja wao, na yakubaliane na maisha ya wenzake wote ndani ya dodoso.

Chukua dodoso moja la mfano. Kaya ina mkuu wa miaka 45, mke wa miaka 36, na watoto tisa kati ya miaka 10 na 19. Unashuka hadi kwenye maswali ya uzazi ya mke na kukuta amejaza kwamba amezaa watoto watano, wote hai. Wanne wametoka wapi? Inawezekana ni wa marehemu mke mwenza, au wa ndugu. Safu ya uhusiano ingesema hivyo, lakini wote tisa wameandikwa “mwana”. Kaya moja ya namna hii si kitu, karani huchoka na kukosea. Ila ukikuta katika eneo moja la kuhesabia lenye kaya zipatazo mia kwamba thelathini zina watoto wasio na mama wa kuwazaa, na wote wana umri wa kuanzia miaka kumi kwenda juu, huna tena makosa ya uchovu mbele yako.

Kwa nini umri wa kumi kwenda juu? Hapo ndipo sababu ya tatu ya waziri inapoingia, na kwangu ndiyo kali kuliko zote. Aliyekuwa na miaka 0 hadi 4 mwaka 1999 alikuwa na miaka 10 hadi 14 mwaka 2009. Kundi hilo haliwezi kuongezeka kwa uzazi, kwa sababu hakuna anayezaliwa akiwa na miaka kumi. Linaweza kupungua kwa vifo au kuhama, na linaweza kuongezeka kwa wahamiaji peke yao. Kwa hiyo mtakwimu huchukua kila rika la sensa ya zamani na kulifuata hadi sensa mpya. Tuseme wilaya ilikuwa na watoto 20,000 wa rika hilo, na miaka kumi baadaye ikaonyesha vijana 60,000 wa rika lilelile. Kati ya hao, 40,000 au zaidi wamehamia, au rika lilihesabiwa vibaya mwanzoni, au ni watu hewa. Chaguo la nne halipo.

Jinsia nayo inasaidia. Duniani kote huzaliwa wavulana kama 105 kwa kila wasichana 100, na pengo hilo hupungua kadiri umri unavyopanda kwa kuwa wanaume hufa mapema zaidi. Eneo la wafugaji lisilo na viwanda wala migodi ya kuvuta vijana wa kiume kutoka mbali halina sababu ya kuwa na wanaume wengi kupita kiasi kuliko wanawake katika kila rika. Likiwa nao, unarudi kwenye madodoso.

Kuhusu ukubwa wa kaya nitasema machache, lakini pana jambo ambalo mijadala ya wakati ule iliruka. Wastani wa Kenya mwaka 2009 ulikuwa watu 4.4 kwa kaya. Nyumba ni vigumu kuzitunga. Kabla ya sensa, nchi yote hukatwa katika maeneo ya kuhesabia na kila eneo huchorewa ramani inayoonyesha majengo, na msimamizi anaweza kwenda kuyaona. Kuongeza majina matano ndani ya kaya ambayo kweli ipo ni rahisi zaidi, hasa dodoso likiwa la karatasi kama lilivyokuwa 2009. Ndiyo maana udanganyifu wa sensa huonekana kwanza kama kaya zilizovimba. Hata hivyo kaya inaweza kuvimba kihalali. Kwa kanuni ya sensa, kaya ni watu wanaoishi katika boma moja, wanaopika pamoja na kumsikiliza mkuu mmoja. Mume mwenye wake watatu wanaopika kila mmoja jikoni kwake ana kaya tatu. Karani asiyeelewa hilo, au aliyechoka saa nne usiku, anawaandika wote chini ya mume mmoja, na kaya ya watu kumi na minane inazaliwa bila mtu kudanganya chochote. Tofauti ni kwamba kosa hili linapunguza idadi ya kaya huku idadi ya watu ikibaki palepale. Likiwa ndilo chanzo, jumla ya wilaya isingepanda.

Mpaka hapa ushahidi unaelemea upande wa waziri. Sasa nigeuze upande wa pili, kwa sababu waliopinga kufutwa kwa matokeo walikuwa na hoja nzito ambayo haikusikilizwa kama ilivyostahili. Walisema tatizo si kwamba sasa tumezidi, bali zamani hatukuhesabiwa.

Angalia sensa za nyuma. Mwaka 1979 mkoa wa Kaskazini Mashariki ulihesabiwa watu 373,787. Mwaka 1989 ukahesabiwa 371,391. Kwa miaka kumi, katika moja ya maeneo yenye uzazi mkubwa nchini, watu walipungua kwa 2,396? Hakuna mtaalamu anayeweza kuitetea takwimu hiyo. Kisha 1999 mkoa ukaruka hadi 962,143, ongezeko la zaidi ya asilimia 9 kwa mwaka, ambalo nalo uzazi hauwezi kulieleza. Sehemu ya ongezeko hilo ni watu waliokimbia vita vya Somalia baada ya 1991. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu kubwa, ni watu waliokuwepo 1989 na hakuna karani aliyewafikia.

Kumhesabu mfugaji anayehama ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Sensa inategemea ramani, na ramani inategemea nyumba isiyosogea. Familia iliyo na ngamia leo iko karibu na kisima hiki, wiki ijayo iko kilomita arobaini kusini, na ukame ukikaza inavuka mpaka. Karani anapaswa kuzifuata familia hizo kwenye visima na malambo, akiwa na mtu wa eneo anayejua nani amepiga kambi wapi. Gari likikosa mafuta, au barabara ikiwa si salama, familia hizo hazimo. Na hazimo kimyakimya. Aliyezidishwa huacha alama katika rika na uzazi, lakini kambi iliyorukwa nzima nzima, na wazee wake, mama zake na watoto wake, inaondoka na umbo lake lote, na dodoso zilizobaki zinaonekana safi kabisa.

Hili linatikisa hesabu niliyoifanya mwanzo. Nilianza na 250,372 kana kwamba ni msingi imara. Tuseme kweli Mandera ya 1999 ilikuwa na watu 400,000. Kwa asilimia 4 kwa mwaka ingefika 590,000 hivi mwaka 2009, na watu wasioelezeka wangeshuka kutoka 655,000 hadi kama 435,000. Bado ni wengi mno. Kwa hiyo sioni jinsi ya kuikubali 1,025,756, lakini pia sioni haki ya kumwambia mtu wa Mandera kwamba idadi yake sahihi ni 370,000 kwa sababu tu kompyuta imekuza hesabu iliyokuwa na matobo. Kosa la wizara, kwa mtazamo wangu, lilikuwa kufuta wilaya nzima nzima badala ya kushuka hadi kwenye eneo moja moja la kuhesabia, kuyatenga yale ambayo rika na uzazi vilikataa kushuhudiana, na kurudi kwenye hayo tu. Karani aliyehesabu kwa uaminifu kwenye joto la Lagdera alifutwa sambamba na yule aliyeketi chini ya mti na kujaza majina.

Marudio yaliyoahidiwa hayakufanyika. Suala likaenda mahakamani, miaka ikapita, na takwimu zilezile za 2009 zikabaki vitabuni. Ndizo zilizotumika.

Na kutumika kulikuwa na uzito usio wa kawaida, kwa sababu ya tarehe. Katiba mpya ilitangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, siku nne kabla ya waziri kusimama na matokeo. Katiba hiyo ilifunga mambo mawili makubwa kwenye idadi ya watu. La kwanza ni viti vya bunge. Majimbo yaliwekwa kuwa 290, na kila jimbo linatakiwa liwe karibu na wastani wa nchi, kwa ruhusa ya kupishana hadi asilimia 40 katika miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache waliotawanyika, na asilimia 30 kwingineko. Ukigawa 38,610,097 kwa 290 unapata 133,138, na namba hiyo ndiyo tume ya mipaka ilifanyia kazi. Mandera yenye watu milioni moja inabeba karibu wastani nane. Yenye 370,000 haifikishi hata mitatu. Mipaka ilipochorwa upya, Kaskazini Mashariki ilitoka majimbo 11 hadi 18, sita kwa kila moja ya kaunti tatu zilizotokana na mkoa huo. Idadi ya watu haikuwa kigezo pekee, ukubwa wa ardhi na umbali navyo vilihesabiwa, lakini bila takwimu zile mgawanyo huo usingepatikana.

La pili ni fedha za kaunti. Katika fomula ya kwanza ya kugawana mapato, asilimia 45 ilifuata idadi ya watu, asilimia 25 ikagawanywa sawasawa, asilimia 20 ikafuata umaskini, na zilizobaki zikaenda kwa ukubwa wa eneo na nidhamu ya matumizi. Chukua kila shilingi bilioni 100 zinazogawanywa. Sehemu ya idadi ya watu ni bilioni 45. Kwa 1,025,756, Mandera ni asilimia 2.66 ya nchi na inapata kama bilioni 1.2. Kwa 370,000 ingekuwa chini kidogo ya asilimia 1, na ingepata kama milioni 440. Tofauti ni zaidi ya milioni 750, kila mwaka, kwa kila bilioni 100. Hazitoki hewani, zinatoka kwenye kaunti nyingine 46. Ukiangalia upande wa pili wa sarafu hiyohiyo, ukaukumbuka mwaka 1989, unaona kiasi gani kaskazini ilinyimwa kwa miongo mizima bila mtu kutangaza kwamba kuna hesabu iliyofutwa.

Viti na fedha ndivyo vinavyogombaniwa. Madhara ya kimyakimya yako mahali pengine, pale idadi ya watu inapokuwa namba ya kugawia katika kukokotoa asilimia. Muuguzi wa zahanati anachanja watoto 1,000 wa chini ya mwaka mmoja. Watoto wa rika hilo katika eneo lake ni 1,250, kwa hiyo amefikia asilimia 80, kazi nzuri. Lakini makadirio yaliyotoka kwenye sensa yanasema eneo lake lina watoto 2,800. Kwenye ripoti ameshindwa vibaya, asilimia 36. Anaandikiwa barua, analetewa dozi nyingi kuliko watoto alionao, na nyingine zinaharibika kwenye jokofu. Kwa eneo lililohesabiwa pungufu mambo hugeuka: asilimia ya chanjo inapita mia, dawa zinaisha katikati ya mwezi, na hakuna anayeelewa kwa nini. Ukiona wilaya imechanja asilimia 130 ya watoto wake, usianze kwa kuisifu wala kuishuku zahanati. Angalia kwanza sensa.

Na hesabu hiyo hudumu. Tafiti za kaya zinazofanywa kati ya sensa mbili, za afya ya mama na mtoto, za ajira, za umaskini, huchagua sampuli kutoka kwenye orodha ya maeneo ya kuhesabia ya sensa iliyopita. Wilaya iliyovimbishwa inapata uzito mkubwa kupita kiasi katika kila wastani unaotangazwa kwa miaka kumi inayofuata.

Mwaka 2019 Kenya ikahesabu tena, safari hii makarani wakiwa na vishikwambi badala ya karatasi. Nchi ilikuwa na watu 47,564,296. Mandera ilihesabiwa 867,457, pungufu ya 158,299 kulinganisha na 2009, katika miaka kumi ambayo hakuna aliyeona watu wakiondoka kwa wingi huo. Viongozi wa huko walikataa matokeo na kwenda mahakamani. Ukiweka sensa tano za mkoa huo kwenye mstari mmoja, inasomeka hivi: 373,787, kisha 371,391, kisha 962,143, kisha 2,310,757, na ukijumlisha kaunti zake tatu za sasa, 2,490,073. Ya kwanza na ya mwisho ukiziunganisha moja kwa moja, miaka arobaini, zinatoa ongezeko la asilimia 4.9 hivi kwa mwaka, ambalo ni kubwa ila si la ajabu kwa mahali palipopokea wakimbizi na palipoanza kwa kuhesabiwa pungufu. Zile tatu za katikati ndizo zisizokaa.